Shajara ya mradi: kupanga rosta ya wodi kwa maombi, ukongwe na pointi

Januari 12

Naanza kuandika huku ili kila tunachoamua kibaki mahali kimoja, manake mambo ya rosta yakiamuliwa mdomoni wiki mbili baadae kila mtu ana toleo lake. Wodi yetu ni ya watu wazima, hospitali binafsi hapa Dar, manesi tuko 16. Metroni amekubali tujaribu mzunguko mmoja wa wiki nne ambao watu wataomba shifti wenyewe badala ya inchaji kukaa na karatasi na kupanga anavyoona, na kazi ya kuandaa huo utaratibu nimepewa mimi.

Malalamiko yaliyotufikisha hapa ni mawili na yanavutana. Wakongwe wanasema mtu kafanya kazi miaka 15 bado anapangiwa nait kama aliyeajiriwa juzi. Vijana nao wanasema nait na wikendi zinaishia kwao kila mwezi, na ukiuliza unaambiwa "hata sisi tulianza hivyo". Wote wawili wana hoja, na mi sitaki kuanza kwa kuchagua nani yuko sahihi, nataka kuanza kwa kuhesabu kazi yenyewe.

Januari 14

Hesabu. Shifti tatu kwa siku: asubuhi saa 1:30 hadi saa 8:30 mchana, watu 4. Jioni saa 8 mchana hadi saa 2 usiku, watu 3. Nait saa 1:30 usiku hadi 1:30 asubuhi, watu 3. Yani kwa siku nafasi 10, kwa siku 28 nafasi 280. Mmoja yupo likizo mzunguko mzima kwahiyo tunabaki 15, na sheria inaturuhusu siku 5 za kazi kwa wiki tukiwa na shifti za saa 12 (nitaeleza chini), hivyo uwezo wetu ni 15 mara 20, sawa na 300. Tofauti ni shifti 20 tu kwa wiki nne zote, na hizo ndo za kufidia mtu akiumwa au akifiwa. Nimeliandika hili kwanza sababu watu wanadhani mfumo wa kuomba unaleta ofu mpya, hauleti, ofu ni zilezile, tunabadilisha tu njia ya kuzigawa.

Nait ni 84 kwa mzunguko. Sista mmoja ni mjamzito na amebakiza chini ya miezi miwili kujifungua, huyo kisheria hapangiwi usiku kabisa na hili haliingii kwenye maombi wala halimgharimu pointi hata moja, limetoka nje ya meza. Wanabaki 14, na 84 gawa kwa 14 ni nait 6 kila mtu.

Sasa angalia kinachotokea tukisema wachague kwa ukongwe mtupu, wa kwanza anachagua zote anazotaka, wa pili anafuata, hadi wa mwisho anakuta makombo. Wakongwe wetu ni 6, hapa nahesabu wenye miaka zaidi ya mitatu wodini ambao wanaweza kuongoza shifti. Nimewauliza mmojammoja wangechagua nini na wote sita wameniambia hawatachukua nait. Basi 84 zinaangukia vijana 8, nait 10 au 11 kila mmoja. Na kibaya zaidi hiyo rosta haivunji kikomo cha saa 45 kwa wiki, manake nait 3 kwa wiki ni saa 36, wiki nne unaweza kufika nait 12 bila kuvunja namba hiyo. Kwahiyo mtu akikwambia "rosta iko ndani ya masaa ya sheria" hajakwambia kama ni ya haki.

Na kuna jambo lililonifanya nilale nalifikiria. Kwenye hiyo rosta hakuna nait hata moja yenye mtu mzoefu. Wagonjwa wanaobadilika hali saa 9 usiku wangekuwa na manesi watatu ambao mwenye uzoefu zaidi ana mwaka na nusu. Hii si habari ya manesi kufurahi au kununa tena.

Januari 16

Sheria, kwa kifupi, sehemu zinazogusa rosta tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku ya kawaida isizidi saa 9 na wiki isizidi saa 45. Shifti ya saa 12 inaruhusiwa mkiwa na makubaliano ya maandishi ya kubana wiki ya kazi, na hapo ndo siku zinakuwa zisizidi 5 kwa wiki. Ofisi ya utumishi wamenionyesha fomu zetu, zipo na zimesainiwa. Usiku kwa sheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya hapo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi, yani kwenye nait yetu ya saa 12 ni saa 10 zinazopata nyongeza. Ni hela ndogo lakini ipo, na kuna watu wawili wanaipenda, nitarudi kwao.

Kubwa ni mapumziko. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena lazima zipite saa 12 mfululizo. Jioni yetu inaisha saa 2 usiku, asubuhi inaanza saa 1:30, hapo katikati ni saa 11 na nusu! Nusu saa tu inapungua lakini inapungua, na ule mtindo wa kumpa mtu jioni leo halafu asubuhi kesho ndo umekuwa kawaida kabisa miaka yote. Anayekaa Chanika au Mbagala akitoka saa 2 anafika nyumbani saa 4, saa 10 alfajiri yupo macho anatafuta daladala. Tumeamua jioni ikifuatiwa na asubuhi haipo tena, mtu asiruhusiwe hata akiiomba mwenyewe. Na baada ya nait kinachofuata ni nait nyingine au ofu, basi.

Kwenye shiti ya Excel kila mtu ana mstari, siku 28 zinaanzia safu ya C hadi AD, herufi A ni asubuhi, J jioni, N nait. Mwisho wa mstari nimeweka hizi, ya kwanza inahesabu saa, ya pili inahesabu jioni zilizofuatiwa na asubuhi, ya tatu nait zilizofuatiwa na shifti ya mchana. Hizo mbili za mwisho zisiposoma sifuri rosta haitoki.

```
=COUNTIF(C5:AD5,"A")*7+COUNTIF(C5:AD5,"J")*6+COUNTIF(C5:AD5,"N")*12
=SUMPRODUCT((C5:AC5="J")*(D5:AD5="A"))
=SUMPRODUCT((C5:AC5="N")*((D5:AD5="A")+(D5:AD5="J")))
```

Januari 20

Siku mbili hizi nimeshughulika na kitu ambacho nilidhani ni kidogo: watu wanaomba nini hasa? Ukiwaachia waombe siku mojamoja utapata maombi mengi yasiyoshikana, mtu ana nait Jumatatu, ofu, nait Jumatano, mwili haujui usiku ni upi. Kwahiyo nait tumezifunga mafurushi. Kila wiki kwa kila nafasi moja ya usiku kuna furushi la Jumatatu na Jumanne, la Jumatano na Alhamisi, na la wikendi yani Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nafasi tatu kwa wiki nne inatoa mafurushi 36: 24 ya nait mbilimbili na 12 ya wikendi yenye nait tatu.

Hapa haki inagawanyika pande mbili na lazima uchague. Ukitaka kila mtu awe na nait 6 kamili inabidi watu 6 wabebe wikendi mbilimbili na 8 wabebe furushi dogo matatu. Idadi sawa kabisa kwenye karatasi, lakini watu 6 wanapoteza nusu ya wikendi zao za mwezi na 8 hawapotezi hata moja. Njia ya pili, wikendi 12 zinakwenda kwa watu 12 tofauti, mojamoja. Kati yao 6 wanaongeza furushi dogo moja wanakuwa na nait 5, 6 wanaongeza mawili wanakuwa na 7, na wawili waliobaki bila wikendi wanachukua madogo matatu, nait 6. Ukijumlisha 30 na 42 na 12 unapata 84.

Nimechagua ya pili na nimemwambia metroni kwanini: tofauti ya nait 5 na 7 inalipika mzunguko unaofuata (wa 5 anakuwa wa 7), ila wikendi ya harusi ya mdogo wako hailipiki. Amekubali.

Na kila usiku kuna nafasi moja iliyoandikwa "kiongozi wa shifti", inayoombwa na wale 6 tu. Hii inafanyika kabla watu hawajaanza kuomba. Ukisubiri maombi yaingie ndo uanze kuhamisha wazoefu kujaza mashimo, kila unayemhamisha ataona umemnyang'anya alichoshinda. Ukimuonyesha mapema kwamba nafasi ziko hivi, anachagua ndani yake.

Januari 23, mkutano

Wakongwe walikuja na msimamo wa ukongwe mtupu, kama nilivyotarajia. Nikaweka ile rosta ya mfano ukutani, ya vijana wenye nait 11 na usiku usio na mzoefu, nikamwomba sista mkongwe kuliko wote ajiweke inchaji wa zamu ya saa 1:30 asubuhi anayepokea ripoti kutoka kwa hao watatu. Alikaa kimya kidogo akasema hapana, hiyo haiwezekani, mi mwenyewe sitalala nyumbani. Kutoka hapo mazungumzo yakawa ya kujenga.

Tukabishana pia ukongwe unahesabiwa kutoka wapi. Mmoja alikuwa na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga miaka mingi kabla ya kuja kwetu, mwingine kaja hospitali mapema lakini wodini kwetu kahamia mwaka jana. Tumechukua tarehe ya kuajiriwa hospitalini, sababu ipo kwenye faili na haina ubishi. Watatu waliajiriwa siku moja, hao wamepiga kura ya karatasi palepale mbele ya wote na mpangilio wao umeandikwa. Ni muhimu hilo lifanyike sasa wakati hakuna kitu mezani cha kugombea.

Makubaliano yakawa raundi tatu. Raundi ya kwanza ni ya ukongwe: kila mtu kwa mpangilio anachagua kitu kimoja tu anachokitaka kuliko vyote, iwe ofu fulani au furushi fulani la nait. Raundi ya pili ni ya pointi, kila mtu ana 100, anaandika maombi hadi matano kwenye karatasi na pointi anazoweka kwa kila moja, bahasha inafungwa inaingia kwenye boksi. Raundi ya tatu ni kujaza yaliyobaki, tukianza na wenye nait chache kwenye daftari, na anayejitolea kuchukua furushi lililobaki kabla hajapangiwa anapata pointi 10 za mzunguko ujao.

Bahasha zinafunguliwa na watu wawili pamoja, mmoja kutoka wakongwe na mmoja kutoka vijana, wanabadilika kila mzunguko. Mi sigusi bahasha kabisa, manake nami pia naomba shifti humohumo.

Januari 28

Swali la pointi: mshindi analipa ngapi? Tulifanya zoezi la kuigiza na manesi watano na kanuni rahisi, unalipa ulichoandika. Kilichotokea ni kwamba dakika kumi za mwanzo watu walikuwa wanaulizana pembeni "we umeweka ngapi", kwa sababu aliyeweka 80 akakuta wa pili yake ana 20 anajiona kaibiwa 60. Mfumo ukiwa hivyo mwenye marafiki wengi WhatsApp ndo anashinda, anajua bei za wenzake.

Tumebadilisha. Washindi wote wa kitu kimoja wanalipa sawa, pointi za mshindi wa mwisho. Kama ofu ni tatu na maombi ni 70, 50, 30 na 10, washindi ni watatu wa kwanza na kila mmoja anakatwa 30. Hapo mtu anaandika ukweli wa anavyokitaka, kuweka nyingi hakumuumizi sana. Zoezi la pili minong'ono ilipungua mno.

Zinazobaki unahamisha mzunguko ujao lakini zisizidi 50, ili asitokee mtu wa kukaa miezi sita anakusanya halafu Desemba ananunua kila kitu. Aliye likizo mzunguko mzima hapokei 100 za mzunguko huo. Na pointi hazigawiwi, haziuzwi. Hili la kuuza nalikazia manake tunajua kabisa kwamba kuna shifti zimekuwa zikihama kwa M-Pesa, na anayeuza ofu zake ni yule yule mwenye mshahara mdogo. Kubadilishana shifti kwa shifti baada ya rosta kutoka kunaruhusiwa, kwa fomu, na lazima mistari yote miwili isome sifuri kwenye zile fomula.

Wale wawili wanaopenda nait: mmoja anasoma digrii mchana, mwingine anataka nyongeza. Wanaruhusiwa kuomba zaidi lakini kikomo ni nait 8 kwa mzunguko, hata wakijitolea. Yule anayesoma hakupenda na nilikaa nae nikamweleza, mtu anayetoka nait anaingia darasani saa 3 halafu anarudi nait ndiye huyohuyo anayepima dozi ya insulini alfajiri.

Februari 2

Nafasi zimebandikwa, siku 21 kabla ya mzunguko kuanza tarehe 23. Bahasha zinafungwa tarehe 9, rosta inatoka tarehe 13. Wiki nzima ya kuomba tumeiweka makusudi ili kila mtu aingie kazini angalau mara moja akiwa mchana na aione karatasi, wa nait wakipewa siku mbili wanakosa.

Mzunguko huu una Ramadhani na Idi ndani yake, na hapo kuna mambo ambayo mwezi mwingine hayaonekani. Kwanza, kawaida waislamu wanapenda jioni ya Ijumaa kwa sababu asubuhi inakula muda wa swala ya Ijumaa, jioni inaanza saa 8 unakuwa umeshaswali. Lakini Ramadhani jioni ni shifti ya kufuturu kazini, kwahiyo hao hao wanaoikimbilia ndo sasa wanaikimbia siku nyingine zote. Bei za pointi za mzunguko huu zisichukuliwe kama mfano wa mizunguko mingine.

Pili, Idi haina tarehe hadi mwezi uandame. Inaweza kuwa Ijumaa tarehe 20 Machi au Jumamosi tarehe 21. Huwezi kumuuzia mtu ofu ya tarehe 20 kisha Idi ikawa 21. Kwahiyo inayoombwa inaitwa "ofu ya Idi" na inashika siku zote mbili.

Hapo nafasi zinapungua kuliko watu wanavyofikiri. Kila siku watu 10 wanafanya kazi, 5 hawapo kazini. Lakini Ijumaa ile, watatu kati ya hao 5 ni wale wanaotoka nait ya Alhamisi saa 1:30 asubuhi, wamechoka na swala imewapita, hao hawana Idi. Zinabaki ofu mbili za kweli. Metroni amekubali asubuhi ya siku hiyo tupunguze kutoka wanne hadi watatu kwa kuwa hakuna upasuaji wa kupangwa, inakuwa tatu. Na furushi la nait la Jumatano na Alhamisi wiki hiyo wakristo watatu wamejitolea, mmoja wao ni kiongozi wa shifti, kabla hata sijauliza. Pasaka iko karibu na wanajua nani watajitolea.

Kanuni moja zaidi, kwenye raundi ya ukongwe ni ofu moja tu kati ya tatu za Idi inayoweza kuchukuliwa. Bila hiyo zote tatu zingeisha kabla ya pointi kuanza.

Februari 10

Bahasha zimefunguliwa. Mambo mengi yamepita kimyakimya, naandika la Idi kwa urefu kwa sababu ndo lililokuwa na moto.

Ofu moja ilichukuliwa kwa ukongwe. Mbili zilibaki na waombaji watano: 60, 40, 40, 30 na 20. Wa 60 kapata. Wa pili ni sare ya 40, kati ya sista mwenye miaka 11 hapa na kijana aliyeajiriwa mwaka juzi. Kanuni ya sare tuliyoandika Januari inasema kwanza tunaangalia sikukuu za miezi 12 iliyopita, aliyefanya kazi sikukuu yake mwenyewe anatangulia, wakiwa sawa ndo ukongwe unaamua. Tukatoa rosta za zamani kwenye faili. Idi el Haji iliyopita kijana alikuwa kazini asubuhi, sista alikuwa ofu. Ofu ikaenda kwa kijana, na wote wawili waliopata wamekatwa 40, hata yule aliyeweka 60.

Sista aliumia na alisema wazi. Alisema ana wajukuu wanakuja kutoka Tanga. Sikumjibu kwa kanuni, nilimfungulia zile rosta mbili akazisoma mwenyewe, halafu tukaangalia kilichobaki. Jioni ya Ijumaa na ya Jumamosi zina nafasi tatu tatu, na waliokosa ni watatu hasa. Ukiwa jioni unaswali Idi, unapika, unakula na watu wako, saa 8 mchana ndo unaingia kazini. Siku zote mbili wawe jioni, hivyo hata ile ya saa 12 za mapumziko haivunjiki na hata mwezi ukiandama siku yoyote hawakosi swala. Wote watatu wamekubali, bila kulipa pointi, na 40 zake sista zimebaki kwenye daftari lake pamoja na alama ya kukosa sikukuu ambayo itamtanguliza sare ijayo.

Kijana ndo alimfuata baadae akamwambia mama, mi nilikuwa tayari kukuachia. Sista akakataa. Kasema yameshaandikwa.

Februari 13

Rosta imetoka. Pembeni yake ukutani nimebandika karatasi nyingine ya matokeo: kila kitu kilichogombewa, bei ya mwisho, na sababu ya sare. Majina ya waliokosa hayapo, namba za pointi zao zipo. Watu wanaisoma kuliko rosta yenyewe.

Mafurushi mawili ya nait za wikendi hayakuwa na mwombaji kabisa, hata kwa kujitolea na pointi 10. Raundi ya tatu yamekwenda kwa wawili wenye nait chache kwenye miezi mitatu iliyopita, na mmoja wao ni mkongwe. Niliogopa hapo, lakini alipoonyeshwa idadi aliuliza tu kama ataweza kuwa kiongozi au nafasi ya kawaida.

Machi 9

Nusu ya mzunguko imepita. Usiku usio na kiongozi hadi sasa hakuna. Jioni kwenda asubuhi hakuna, japo mara moja tulifika karibu: mtu wa asubuhi aliumwa na wa kwanza kupigiwa simu alikuwa katoka jioni saa 2 usiku, akakubali kuja. Inchaji akamkatalia akampigia aliyekuwa ofu. Kwa sasa kila asubuhi tunaandika kwenye ubao majina mawili ya wanaoweza kuitwa kisheria siku hiyo, ili saa 12 alfajiri mtu asianze kupiga hesabu za masaa.

Zile shifti 20 za akiba zimeshaliwa 13, nyingi ni malaria na homa za watoto. Hii inanipa wasiwasi kuliko jambo jingine lolote kwenye mfumo, sababu akiba ikiisha tutaanza kuvunja ofu ambazo watu wamezilipia pointi, na hapo hakuna atakayeamini bahasha tena. Nimemwomba metroni kwa maandishi nesi mmoja wa kuazima kutoka wodi nyingine kwa wiki ya mwisho. Pia tumekubaliana kwamba ofu iliyolipiwa ikivunjwa pointi zinarudi zote na mtu anaongezewa 20, lakini itavunjwa ya mwisho, baada ya ofu zisizoombwa na mtu.

Fomu za kubadilishana zimekuja sita, tano zimepita. Moja ilimfanya mtu awe na nait nne wiki moja, saa 48, imerudi.

Kitu ambacho hatujamaliza ni wageni. Aprili tunapokea nesi mpya wawili. Wakianza na nait sifuri kwenye daftari, raundi ya tatu itawapa kila furushi baya hadi wafikie wengine, na tumerudi kulekule. Pendekezo langu ni waanze na wastani wa wodi, yani kama kila mtu ana nait 18 za miezi mitatu na wao waandikwe 18, halafu pointi wapewe 100 kama wengine. Wakongwe wawili wanapinga, wanasema mgeni apewe angalau mzunguko mmoja wa kawaida kwanza. Tunalipigia kura Ijumaa, na nafasi za mzunguko wa pili, wenye Pasaka ndani, zinabandikwa wiki hiyohiyo.